Windows imegoma baada ya kubadili mazabodi: utumie akaunti, ufunguo, msaada au ununue leseni mpya?

Kompyuta imerudi kutoka kwa fundi. Inawaka, mafaili yapo yote, printa inaitika. Baada ya muda, kwenye kona ya chini kulia ya skrini yanajitokeza maneno ya kijivu, `Activate Windows`, na ukifungua mipangilio unakuta namba `0xC004F211` pamoja na maelezo kwamba vifaa vya mashine vimebadilika. Mwenye kompyuta anampigia fundi, fundi naye anasema kazi yake ilikuwa mazabodi, si Windows.

Mimi natengeneza kompyuta Mtwara mjini, na jambo hili hunijia mara kwa mara. Mashine zinazokaa karibu na bahari, kuanzia Shangani hadi Mikindani na Lindi mjini, huliwa na hewa ya chumvi. Miguu ya vipuri inaota ukoko wa kijani mpaka njia za umeme zinakatika. Nyingine huungua umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo. Mazabodi mpya ya modeli ya miaka kumi iliyopita haipatikani, kwa hiyo tunaagiza ya mtumba Kariakoo na inakuja kwa basi. Mashine inapona, leseni inabaki njiani.

Leseni yenyewe haijafutwa. Windows 10 au 11 inapoamilishwa, au kuaktivetiwa kama tunavyosema dukani, seva za Microsoft huhifadhi alama inayotokana na vifaa vya mashine hiyo. Hiyo ndiyo leseni ya kidijitali. Ukibadili RAM au diski, kwa kawaida alama hiyo bado inatambulika. Ukibadili mazabodi, ambayo ina uzito kuliko vyote katika hesabu hiyo, seva inaiona kama kompyuta nyingine kabisa. Leseni ipo, ila imeandikwa kwa jina la mashine ambayo haipo tena. Kazi yako ni kuwashawishi wahusika kwamba hii ndiyo ile ile, na njia za kufanya hivyo ni tatu. Ya nne ni kununua leseni mpya.

Angalia haya kabla ya kuchagua njia

La kwanza ni tarehe. Mazabodi iliyokaa bila betri huamka ikidhani ni mwaka 2015 au 2019, na saa ikiwa nyuma kiasi hicho kompyuta haiwezi kuongea na seva kwa usalama. Nimeona watu wakihangaika siku nzima kwa leseni, kumbe ni betri ndogo ya saa imekufa. Rekebisha tarehe, unganisha intaneti, subiri kidogo, kisha ujaribu tena.

La pili linahusu zaidi laptopu. Kama diski ilikuwa imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows ya kufunga yaliyomo kwenye diski, mazabodi mpya itakuomba ufunguo wa kuifungulia wenye tarakimu 48 hata kabla Windows haijawaka. Ufunguo huo mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine, na unaupata kwa kufungua `aka.ms/myrecoverykey` kwenye simu. Hilo ni suala tofauti na leseni, lakini yote mawili hutokea siku moja na watu huyachanganya.

La tatu ni kujua ulikuwa na leseni ya aina gani. Kama fundi hajapiga Windows upya, fungua Command Prompt uandike:

```
slmgr /dli
```

Kisanduku kitakachotokea kina neno moja muhimu. Ukisoma `RETAIL`, leseni ilinunuliwa peke yake au ilipatikana kwa kupandisha toleo. Ukisoma `OEM_DM`, ilikuja na mashine kutoka kiwandani na ufunguo wake uliandikwa ndani ya mazabodi ya zamani. Ukisoma `VOLUME_KMSCLIENT` kwenye kompyuta yako binafsi ambayo haijawahi kuwa ya ofisi, karibu kila mara maana yake ni kwamba mtu aliiamilisha kwa programu ya wizi. Hapo hakuna leseni ya kuokoa, na njia tatu za kwanza hazitakusaidia, isipokuwa mazabodi uliyowekewa iwe na ufunguo wake. Inauma kumwambia hivyo mteja aliyelipia Windows kwa nia njema, lakini ni heri ajue leo.

Vigezo vya kulinganishia

Kila njia nitaipima kwa mambo manne: unachotakiwa kuwa nacho mkononi, gharama ya pesa na bando, mahali inapokwama, na mtu inayemfaa.

Njia ya kwanza: akaunti na kitatuzi

Tangu Windows 10 toleo 1607, lililotoka Agosti 2016, leseni ya kidijitali inaweza kuunganishwa na akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Toleo hilo hilo ndilo lililoleta kitatuzi cha uamilishaji, yaani kile kitufe cha `Troubleshoot` kinachoonekana kwenye ukurasa wa `Activation` pale Windows inapokuwa haijaamilishwa. Kwenye Windows 11 kipo `Settings` > `System` > `Activation`. Kwenye Windows 10 pita `Settings` > `Update & Security` > `Activation`.

Unachohitaji ni akaunti ile ile iliyounganishwa na leseni kabla mazabodi haijafa, pamoja na nywila yake. Iwe akaunti binafsi. Akaunti ya kazini au ya shule haifai hapa. Pia uwe umeingia kwenye kompyuta kama msimamizi. Gharama ni bando dogo tu, kwa sababu hakuna faili kubwa linaloshushwa, na mambo yakikubali unamaliza ndani ya dakika kumi.

Njia hii ina mitego yake, na kisa cha dada mmoja mwenye duka la steshenari Lindi mjini kinaionyesha vizuri. Kompyuta yake ya mezani ilikuwa na Windows 10 Pro iliyopandishwa bure kutoka Windows 7, na miaka kadhaa baadaye aliingia kwa akaunti yake ya Microsoft ili mafaili yahifadhiwe mtandaoni. Mazabodi ikaungua. Fundi wa kule akaweka nyingine, akaona apige Windows upya kwa flashi yake, kisha akamkabidhi. Wiki iliyofuata dada akanipigia: “Kaka fundi, nimebonyeza hicho kitatuzi mara tatu, kinaniambia Windows haiwezi kuamilishwa. Akaunti ni yangu, nywila ni yangu.”

Nilimwomba asome mstari wa juu kabisa wa ukurasa wa `Activation`. Akasoma: `Windows 10 Home`. Tatizo lilikuwa hapo. Leseni yake ilikuwa ya Pro, na flashi ya fundi ilikuwa imeweka Home. Kitatuzi hakihamishi leseni ya Pro kwenda kwenye Home wala ya Home kwenda kwenye Pro. Matoleo lazima yafanane.

Kutoka Home kwenda Pro hakuhitaji kupiga Windows upya. Microsoft yenyewe imetoa ufunguo wa jumla unaobadili toleo tu bila kuliamilisha. Nilimwambia azime intaneti, abonyeze `Change product key`, aandike huu:

```
VK7JG-NPHTM-C97JM-9MPGT-3V66T
```

Kompyuta ikajizima na kuwaka yenyewe, ikarudi ikiwa Pro, bado haijaamilishwa, kama ilivyotarajiwa. Akawasha intaneti, akabonyeza `Troubleshoot`, na kitatuzi kilipomaliza kukagua na kusema kimeshindwa, akachagua `I changed hardware on this device recently`. Watu wengi huishia pale kwenye “kimeshindwa” na kufunga dirisha, wakati kiungo cha kuwasaidia kiko chini yake. Akaingia kwa akaunti yake, ikaja orodha ya vifaa.

Hapo tena akakwama. “Hii yangu siioni. Kuna moja tu inaitwa DUKA-PC.” Kompyuta ilikuwa imepewa jina jipya la herufi na namba wakati wa kupiga Windows upya, lakini leseni inakumbuka jina la zamani. DUKA-PC ndiyo ilikuwa yake kabla ya kuungua. Akaichagua, akaweka tiki kwenye `This is the device I'm using right now`, akabonyeza `Activate`. Maneno ya kijivu yakaondoka.

Kwa hiyo orodha ikija tupu, au ikakosa mashine yako ya zamani, kwanza jiulize kama umeingia kwa akaunti sahihi. Wengi wana mbili, moja aliifungua mtoto na nyingine waliifungua kwa namba ya simu waliyokwisha kuiacha. Kama akaunti ni sahihi na bado haionekani, basi leseni haikuwahi kuunganishwa, na mazabodi ikishakufa huwezi tena kuiunganisha. Pia kuna kikomo cha mara ambazo leseni moja inaweza kuamilishwa upya. Na leseni zilizokuja na mashine kutoka kiwandani wakati mwingine hukataliwa hata kama zinaonekana kwenye orodha.

Inamfaa mtu ambaye, kabla ya ajali, ukurasa wake wa uamilishaji ulisomeka `Windows is activated with a digital license linked to your Microsoft account`. Ukiwa bado una mashine nzima, nenda ukausome leo. Ukikosa maneno ya mwisho, `linked to your Microsoft account`, ingia kwa akaunti yako kwenye ukurasa huo huo nayo yatatokea.

Njia ya pili: ufunguo wa herufi 25

Hapa unachohitaji ni ufunguo wenyewe, na kuna wa aina mbili ambazo tabia zake hazifanani.

Wa kwanza ni ule ulionunuliwa peke yake, kwenye boksi au kwa barua pepe. Huo unaruhusiwa kuhama kutoka mashine moja kwenda nyingine mradi usitumike mahali pawili kwa wakati mmoja. Bonyeza `Change product key`, uandike, umemaliza. Ukikutana na `0xC004C008`, seva inasema ufunguo huo umeshatumika kwenye mashine nyingine au umevuka idadi inayoruhusiwa. Kama mashine ile nyingine ndiyo yako iliyokufa, nenda njia ya tatu.

Wa pili ndio unaotuhusu zaidi sisi tunaonunua mazabodi za mtumba. Laptopu nyingi zilizokuja na Windows 8 au matoleo ya baadaye zina ufunguo ulioandikwa ndani ya mazabodi na kiwanda. Mazabodi uliyoletewa kwa basi huenda ina ufunguo wake, tofauti na wako. Fungua PowerShell uulize:

```
(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey
```

Likija jibu la herufi 25, mazabodi ina ufunguo. Mara nyingi, kama toleo lililo kwenye diski ni lile lile la mazabodi, Windows hujiamilisha yenyewe baada ya kupata intaneti, kwa sababu seva inaitambua mazabodi hiyo kutoka kwa mmiliki wake wa kwanza. Ndiyo maana kuna wateja ambao hawajawahi kuliona tatizo hili na hawajui kwa nini. Likija jibu tupu, mazabodi haina kitu, na amri hii haina msaada zaidi.

Njia hii ni ya bure kama ufunguo upo. Inakwama sehemu mbili. Matoleo yasipofanana, tuseme diski ina Pro na mazabodi ina Home, hakuna njia rasmi ya kushuka bila kupiga Windows upya, kwa hiyo hamisha mafaili kwanza. Na mazabodi ikiwa ya enzi za Windows 8, ufunguo wake hauamilishi tena Windows 10 wala 11, kwa sababu Septemba 2023 Microsoft ilitangaza kufunga mlango wa kupandisha kwa funguo za Windows 7 na 8. Stika ya Windows 7 iliyobandikwa ubavuni mwa kompyuta ya mezani nayo iko kwenye fungu hilo. Watu bado huninakilia stika hizo kwa matumaini makubwa.

Inamfaa aliyehifadhi ufunguo wake, na mwenye laptopu iliyowekewa mazabodi ya modeli ile ile na toleo lile lile.

Njia ya tatu: kuomba msaada

Kuna watu wawili wa kuwaomba, na usiwachanganye. Kama leseni uliinunua mwenyewe, muombe Microsoft, kupitia programu ya `Get Help` iliyomo ndani ya Windows. Kama ilikuja na mashine, muombe aliyetengeneza mashine hiyo.

Microsoft watataka ushahidi wa manunuzi, yaani risiti, barua pepe ya oda au ufunguo wenyewe, pamoja na maelezo kwamba mazabodi iliharibika ikabadilishwa. Waambie hivyo hivyo, bila kupamba. Kwa leseni za kiwandani, kanuni yao kwa miaka mingi imekuwa kwamba leseni inafungwa na mazabodi ya kwanza, isipokuwa pale mazabodi ilipoharibika na ikawekwa ya modeli ile ile au mbadala unaotambuliwa na mtengenezaji. Uliyebadilisha kwa sababu ya kuungua una hoja. Uliyebadilisha ili upate mashine yenye kasi zaidi huna.

Mtengenezaji akibadilisha mazabodi ndani ya dhamana, suala la leseni ni lake, na wewe unapaswa kurudishiwa mashine iliyoamilishwa. Shida yetu ni kwamba mashine nyingi zinazofika Mtwara na Lindi zilikwisha kutumika nje kabla hazijaingia nchini, na dhamana yake ilikwisha huko huko.

Gharama yake ni muda na uvumilivu. Mazungumzo huwa ya Kiingereza, bando likikatika unaanza upya, na jibu linaweza kuwa hapana. Inamfaa mwenye risiti, na mwenye mashine iliyo bado kwenye dhamana.

Njia ya nne: leseni mpya

Unachohitaji ni pesa. Bei iliyotangazwa na Microsoft kwa Windows 11 Home ni takriban dola 139, na Pro ni takriban dola 200 za Marekani. Kwa kompyuta ya mtumba, leseni inaweza kuizidi mashine yenyewe bei, kwa hiyo piga hesabu ukiwa umetulia.

Angalia pia kama mashine inaikubali Windows 11 kabla ya kulipa. Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na sioni sababu ya kumnunulia mtu leseni mpya ya kukaa huko. Funguo za bei ya soda zinazouzwa mitandaoni sizipendekezi. Nyingi zilitolewa kwa ajili ya kampuni au vyuo, zinakubali leo na kuzimwa baadaye, na hakuna wa kumdai.

Inamfaa asiyewahi kuwa na leseni halali, na ofisi inayokaguliwa.

Kwa hali yako

Kama ulikuwa unaingia kwenye kompyuta kwa akaunti yako ya Microsoft, anza na kitatuzi, ukishahakikisha toleo ni lile lile la zamani. Kama huikumbuki nywila, irudishe kwa simu kabla hujakaa mbele ya mashine.

Kama ni laptopu iliyokuja na Windows yake na ikawekewa mazabodi ya mtumba, uliza kwanza mazabodi ina ufunguo gani. Ni afadhali zaidi umuulize muuzaji kabla hajaituma: “Hiyo ilikuwa Home au Pro?” Swali hilo moja linaweza kukuepusha na kupiga Windows upya.

Kama ulinunua leseni ukahifadhi risiti, andika ufunguo, na ukikataliwa nenda kwa Microsoft.

Kama mashine ni ya ofisi, ya shule au ya chama cha msingi cha korosho, usijaribu kitatuzi kwa akaunti yako binafsi. Kompyuta zinazosimamiwa na taasisi hazipiti njia hiyo. Mtafute anayehusika na TEHAMA, kwa sababu leseni hizo zina utaratibu wake.

Kama umekosa vyote, yaani akaunti haijaunganishwa, mazabodi haina ufunguo na risiti haipo, fahamu kwamba kompyuta haitazimika kesho. Mafaili yako yapo salama, programu zinafunguka, na masasisho ya usalama ya toleo ambalo bado linahudumiwa yanaendelea kuingia. Utakachokosa ni kubadili picha ya skrini na rangi, na maneno ya kijivu yatabaki pale. Hiyo si ruhusa ya kukaa hivyo daima, kwa kuwa masharti ya Windows yanadai leseni. Ila unao muda wa kukusanya pesa bila kumkubali mtu anayekuja na flashi ya “kuiaktiveti bure”. Programu hizo hukuomba uzime kinga ya virusi kwanza, na kwenye duka la steshenari, ambako flashi za wateja wote huchomekwa mashine moja, hapo ndipo virusi huanzia.

Na kama mazabodi ya zamani bado inawaka hata kwa kusuasua, usimruhusu fundi aitoe leo. Iwashe, unganisha intaneti, ingia kwa akaunti yako kwenye ukurasa wa `Activation`, usubiri mpaka usome `linked to your Microsoft account`. Kisha mpe bisibisi.